Wasikiao kwa Macho

Nina nyumba yenye milango mitano. Minne huingiwa kwa sikio, wa tano huingiwa kwa jicho. Ukishindwa nipe mji, na mji wenyewe uwe Warzazat, maana jibu liko huko huko: ni ukumbi wa mkutano, na aliyeshika funguo za milango yote mitano ni mwanamke mmoja aitwaye Ghizlan.

Ghizlan hakuwa mkalimani. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta wakalimani, kuwapatanisha na waandaaji, na kuwapanga wawili wawili vibandani, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayemwacha mkalimani mmoja kibandani siku nzima. Baada ya nusu saa ulimi huanza kuteleza, mwenzake akapokea. Safari hii alikuwa na Kiarabu, Kifaransa, Kiamazighi na Kiingereza, vibanda vinne vya vioo vimejipanga nyuma ya ukumbi kama majiko ya mwokaji. Palikuwa na Mhispania mmoja pia, muuza pampu, lakini mtu mmoja hajengewi kibanda. Yeye mkalimani hukaa nyuma ya bega lake akamnong'oneza.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya waandaaji, na ilikuwa fupi: lugha isiyofikisha wasikilizaji wanne siku ya kwanza, siku ya pili hunong'onezwa, na wakalimani wake hurudi makwao. Ghizlan aliipenda sheria ile kwa sababu ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeitunga miaka ile alipochoka kuona watu wakijichosha koo kwa ajili ya viti vitupu. Na hesabu yake hakuna aliyeibishia. Asubuhi kila mtu aliacha kitambulisho mezani akapewa hedifoni na kuulizwa lugha. Mchana Ghizlan alipita kwenye safu kimya kimya akisoma namba zilizowaka kwenye vidirisha vya hedifoni zile, maana watu ni watu: wengine huchukua Kiingereza kwa kujionyesha, baada ya chai wakarudi Kiarabu. Hakuwahi kuongeza hata sikio moja.

Mlango wa tano, ule wa jicho, ndio uliomsumbua.

Mkutano ulihusu ving'ora. Mwaka uliopita mto uliokuwa umelala tangu zama za mababu uliamka ukashuka bondeni, ukapita katikati ya kijiji cha Tazart. King'ora kililia, na kila aliyekisikia alikimbilia kilimani. Lakini Tazart ilikuwa na viziwi wengi, kizazi baada ya kizazi, hata wenye masikio mazuri pale walizungumza kwa mikono, na mikono yao haikuwa ile inayofundishwa mjini. Ilikuwa mikono ya Tazart peke yake. Waliokumbuka kurudi kuwaamsha viziwi waliwahi baadhi. Wengine hawakuwahiwa. Waliobaki walitawanyika, hawa Kasablanka, hawa Agadir. Sasa bonde lilikuwa linatafutiwa ving'ora vipya, vikubwa zaidi, na uamuzi ungetolewa siku ya pili ya mkutano. Kabla ya uamuzi huo, mwanamke kiziwi wa Tazart aitwaye Tuda alikuwa amepewa nafasi ya kusema neno lake.

Kuwapata wakalimani wa Tuda ilikuwa kazi. Ghizlan alianza kwa kosa ambalo ni watu wa kazi ile tu wanaoweza kulifanya. Kwenye fomu ya kujiandikisha aliwauliza wote swali moja: utasikiliza kwa lugha gani? Watu wa Tazart wakaacha wazi, na hesabu ikaja sifuri. Alikuwa karibu kuufuta mstari wa lugha ya alama pale Munia alipompigia simu. Munia alikuwa mkalimani wa lugha ya alama kutoka Meknes, na bibi yake mzaa mama alizaliwa Tazart.

"Dada Ghizlan, umewauliza viziwi watasikiliza nini," Munia alimwambia. "Wamekujibu kwa adabu. Hawatasikiliza kitu."

Ghizlan akaona haya. Wakampigia Tuda simu ya picha, Munia akitafsiri, na Ghizlan akauliza kama ilivyotakiwa: watakaotazama mikono ni wangapi? Mama yule mwenye uso mwembamba na kilemba cha rangi ya zafarani akainua vidole vinne mbele ya kamera, akavishikilia hapo muda mrefu, mpaka Ghizlan akadhani picha imeganda.

Basi akawaweka Munia na mwenzake Rabii, kijana mtulivu mwenye kupenda kusali kwa wakati, wawe wakipokezana kila baada ya dakika chache, kwa maana mikono nayo huchoka, na akili huchoka kabla ya mikono. Wote wawili walikaa na Tuda wiki nzima kabla ya mkutano, Munia akiamsha mikono ya bibi yake na Rabii akijifunza upya. Ghizlan akawajengea jukwaa dogo upande wa kushoto, pazia jeusi nyuma, taa ya kuangaza mikono, mbali na dirisha. Mbele yake akaweka viti vinne, mahali ambapo jicho halizibwi na kitu.

Asubuhi ya mkutano walikuja watatu.

Alikuja Tuda, akaja mzee Baso mchonga milango, akaja Hnia mke wa mpwa wa Baso. Ghizlan aliwakaribisha kwa chai, kisha akamwonyesha mhudumu kiti cha nne akiondoe, kwani mkuu wa usalama alikuwa akililia nafasi ya kupita. Tuda akaweka kiganja juu ya kiti. Hakukasirika. Aliweka kiganja tu, kama mtu anavyoweka kiganja mgongoni mwa mtoto, akasema jambo kwa mkono mwingine.

"Anasema yuko njiani," Munia akatafsiri.

"Nani?"

Munia aliuliza. Tuda alikuwa amekwisha kugeuka.

Mkutano ukaanza. Mtu akisema Kiamazighi, kibanda cha Kiamazighi kilikitia kwenye Kifaransa, na Waarabu na Waingereza wakachota kutoka kwenye hicho Kifaransa, kama maji yanavyoshushwa shamba kwa shamba. Munia alisimama jukwaani, mgongo kwa wasemaji, uso kwa viti vinne, hedifoni sikioni na mikono hewani. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kilichokera ni kimoja tu: kila Hnia alipotaka kumwita mzee Baso aligonga sakafu ya mbao kwa kisigino, na Moha, fundi wa sauti, alikunja uso nyuma ya mitambo yake.

"Lalla Ghizlan, waambie jamaa zako wasicheze ngoma. Kipaza sauti kinanasa."

"Wewe ukimwita mkeo unamwitaje?"

"Mimi siitagi. Naitwa."

Ghizlan akacheka. Kisha wakati wa mapumziko Munia akamfuata, anajifuta jasho.

"Dada, niongezee taa moja upande wa viti. Kile cha nne kimekaa gizani. Yule mama ananitazama kwa kukaza macho, namwonea huruma."

Ghizlan alitazama viti. Baso alikuwa anachezea tasbihi. Hnia alikuwa anakula mkate wa msemen. Tuda alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kiti kitupu kama mtu anayepiga soga na jirani.

"Mama yupi?" aliuliza.

"Huyo mwenye shali la buluu. Ana adabu, masikini. Kila nikimaliza jambo anaitikia kwa kichwa. Lile neno la lango la mfereji nilikuwa silijui kwa mikono yao, nimebaki nimesimama kama mti, yeye akanionyesha." Munia akainua ngumi, akaifungua polepole kando ya shavu. "Hivi. Tuda hakunifundisha hilo."

Alisema haya kama mtu anayesimulia bei ya nyanya. Ghizlan akamwambia mhudumu aongeze taa. Taa ikawashwa, ikamulika kiti kitupu, mto wake mwekundu ukang'aa.

Mchana alihesabu. Kiarabu wengi, Kifaransa wengi, Kiamazighi wengi kuliko alivyotegemea, Kiingereza wachache lakini wanatosha. Kisha akafika mlango wa tano, ambako hakuna hedifoni wala kidirisha cha namba, ila macho ya watu. Akahesabu macho. Watatu. Akazunguka upande wa pili akahesabu tena, akajiona mjinga kwa kuzunguka, kwa maana watatu huwa watatu hata ukiwatazama kutoka mbinguni. Jukwaani alikuwa Rabii, amekaza macho kwa watatu wale na kuyakwepesha kiti cha nne, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa jirani anayemdai.

Alasiri Sidi Drisi, mwenyekiti wa mkutano, akamwita pembeni. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na alimpenda Ghizlan kwa sababu hakuwa akimchosha kwa maneno.

"Binti yangu, nimetazama pale kushoto. Naona vichwa vitatu."

"Naam, Sidi."

"Na sheria ni wanne."

"Ndiyo, Sidi."

"Sasa lile jukwaa kesho linatakiwa. Watu wa ving'ora wanataka pa kusimamishia mtambo wao. Wale vijana wawili wa alama waage kwa heshima, na yule mama Tuda kesho..." Alitafuta neno. "Atanong'onezwa."

Ghizlan alimtazama. Sidi Drisi naye akamtazama, na ilichukua muda kidogo kabla ya mzee yule kusikia alichokisema. Akashika kidevu.

"Nimesema upuuzi."

"Umesema sheria, Sidi. Niliitunga mimi."

"Basi sijui. Wengine nao watataka wasamehewe. Wale wa Kiingereza wananiangalia. Nipe hesabu yako kabla ya magharibi. Ukisema wanne, wabaki. Ukisema watatu, siwezi kukusaidia. Lakini usinipe namba ya huruma. Siku ukinipa namba ya huruma, ndiyo siku nitakayoanza kukuhesabia mimi."

Hapo ndipo alipokwama. Akiandika watatu, kesho Tuda atasimama mbele ya bonde zima akipunga mikono, na bonde litaona ajuza anayefukuza nzi. Akiandika wanne, atakuwa amesema uongo wa kwanza katika kazi yake, na kwa jambo ambalo hata yeye haliamini. Kuna kitendawili cha namna hiyo: nikikishika kinaniunguza, nikikiachia kinaunguza nyumba.

Watu walitoka ukumbini. Jua la alasiri liliingia kwa ubavu likalala juu ya viti. Moha alikuwa nyuma kabisa akikunja nyaya, akiimba puani. Ghizlan alivua viatu, maana miguu ilimuuma, akapanda jukwaa dogo, akasimama pale pale Munia aliposimama, mgongo kwa pazia jeusi. Hakuwahi kusimama hapo. Alikuwa ameuona ukumbi kutoka milangoni, kutoka vibandani, kutoka kila pembe, ila hapa. Viti vinne vilikuwa karibu sana. Kutoka pale havikuonekana kama viti vilivyoachwa. Vilionekana kama viti vinavyongoja.

Ukiacha lile la lango la mfereji, alijua neno moja tu la mikono ya Tazart. Munia alimfundisha kwa mzaha kwenye ile simu ya picha. Kiganja kifuani, kisha kinafunguka mbele: karibu. Akatazama huku na huku, asije Moha akamcheka. Akaweka kiganja kifuani, akakifungua mbele kuelekea kiti cha nne.

Sakafu ikagongwa.

Hakusikia kitu. Hilo ndilo lililomtisha. Alihisi nyayoni, kwa ngozi, ubao ukishtuka chini ya miguu yake mitupu, mara moja, kama kisigino kinavyogongwa na mtu anayesema: nipo. Akageuka kwa Moha. Moha alikuwa mbali, ameinama, wimbo puani haukukatika.

"Moha," aliita. "Umegonga kitu?"

"Nigonge nini, Lalla? Hata panya hajapita. Kipaza sauti cha mbele bado kiko wazi, sindano ya mtambo haijatikisika."

Ubao ukagongwa tena. Ghizlan alishuka, hakuvaa viatu, akatoka navyo mkononi.

Aliwakuta bustanini, Tuda na Munia, wamekaa kwenye ukuta mfupi karibu na miti ya lozi, wakinywa chai. Hakuzungusha maneno.

"Munia, muulize mama kiti kile ni cha nani."

Munia aliweka glasi chini, akauliza. Tuda alimtazama Ghizlan miguuni, akaona miguu mitupu, na uso wake ukalainika, kama vile miguu ile ndiyo iliyouliza. Akaanza kusema. Mikono yake ilikwenda polepole, na Munia akaitafsiri vizuri, kama mtu wa kazi.

"Anasema... ni cha dada yake. Itto. Usiku wa mafuriko walilala vyumba viwili vinavyopakana. Yeye Tuda alikuja kuamshwa na mtoto wa jirani aliyegonga sakafu. Itto alilala chumba cha pili, sakafu ni ya udongo, haipitishi mtikiso. Tuda aliamka, akakimbia na mtoto huyo mgongoni, akadhani Itto yuko mbele. Itto alikuwa nyuma. Anasema, tangu siku ile hakuna aliyemwambia Itto kilichotokea. Watu walisoma dua kwa sauti. Walihutubia kwa sauti. Yeye hajaelezwa. Ndiyo maana anakuja kila mahali penye mikono. Dada..." Sasa alimgeukia Ghizlan, na uso wake ulikuwa umekwisha rangi. "Amevaa shali la buluu. Tuda anasema alizikwa na shali la buluu."

Chai ilikuwa inapoa. Ghizlan alijilazimisha kusema alilokuja kusema.

"Mwambie nimetakiwa kuhesabu. Mwambie sijui nimhesabu vipi."

Tuda aliposikia kwa macho yake alitabasamu kidogo, akajibu kwa ufupi.

"Anasema hakuja kuhesabiwa. Amekuja kutazama. Kuhesabu ni shida yako wewe."

Kabla ya magharibi Ghizlan alimpelekea Sidi Drisi hesabu. Mzee aliipitisha macho, Kiarabu, Kifaransa, Kiamazighi, Kiingereza, akafika chini, akasimama.

"Wanne."

"Wanne, Sidi."

"Mimi nilikuambia usinipe huruma."

"Sikukupa huruma. Masikio nayahesabu mimi, kwa hedifoni. Macho hayana hedifoni. Anayeweza kuhesabu wanaotazama ni yule anayetazamwa, na mimi leo nilihesabu kutoka mlangoni, mahali pasipo pake. Munia amesimama mbele yao siku nzima. Anasema wanne. Kama humwamini Munia kwa sababu ni mwanamke mwenye moyo mwepesi, muulize Rabii. Rabii hata mzaha haujui."

Sidi Drisi akamwita Rabii, aliyekuwa akielekea msikitini.

"Mwanangu, nisaidie. Mbele yako pale leo, waliokutazama walikuwa wangapi?"

Rabii alitazama chini, akakunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kutawadha.

"Wanne," akasema. "Na naomba kesho Munia ndiye aanze, Sidi. Mimi nitapokea baadaye kidogo." Akaondoka bila kuaga, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Mzee alimtazama akienda. Kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akasema taratibu, "Mtambo wa ving'ora utasimama upande wa kulia," na hakuuliza zaidi. Kuna maswali ambayo mtu mzima akiyaona mlangoni huyapisha.

Siku ya pili wenye ving'ora walionyesha bidhaa yao. Kilikuwa kitu kizuri, kirefu, chekundu, na msemaji wao aliahidi kwamba kitasikika mlima hadi mlima. Akaomba ruhusa ya kukijaribu. Wakalimani vibandani walivua hedifoni, maana wao wanajua kitakachofuata. Moha alishusha vipaza sauti vyote. King'ora kikalia.

Ilikuwa sauti ya kupasua meno. Watu waliinama wakaziba masikio, Mhispania akaangusha kalamu, vioo vya vibanda vikatetemeka. Watu wa Tazart hawakutikisika. Mzee Baso alikuwa anatazama dari, akikagua ufundi wa mbao. Munia jukwaani alikuwa amefungua viganja vyake na kuvitetemesha, akionyesha: sauti, sauti kubwa, inaendelea. Kikanyamaza. Watu wakaanza kucheka kwa aibu, kama watu wanavyocheka baada ya kuogopa.

"Sasa," Sidi Drisi akasema, "Lalla Tuda wa Tazart."

Tuda akapanda jukwaani. Munia akashuka, akakaa mbele yake kwenye kiti cha mkalimani na kipaza sauti mkononi, apate kuisoma mikono yake na kuitoa kwa sauti. Sauti ya Munia ilitoka kwa Kiarabu, ikaingia vibandani, ikatoka kwa Kifaransa na Kiamazighi na Kiingereza, na nyuma ya bega la muuza pampu ikatoka kwa mnong'ono. Kwa mara ya kwanza milango yote mitano ilipitisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kitu hicho kilianzia kwenye ule wa jicho.

"Nashukuru kwa kunialika," alisema Tuda kwa kinywa cha Munia. "Mimi si msomi, nina swali moja tu kwa yule bwana wa kitu chekundu. Nimekaa tangu asubuhi nakingoja. Tafadhali, mkishaanza kukijaribu, niambieni."

Ukumbi ulinyamaza. Tafsiri ilifika kwanza kwa Waarabu, kisha kwa wengine, na unaweza kuuona ukimya ule ukitembea kutoka safu hadi safu, kutoka lugha hadi lugha. Muuza pampu alifikiwa mwisho. Akaweka mkono mdomoni.

Tuda hakungoja wamalize kuona haya. Akasema alichojia: taa ndani ya kila nyumba, itakayowaka na kuzimika yenyewe mto ukipanda, si mnarani peke yake. Sakafu za mbao vyumbani mwa viziwi. Na mtu mmoja kila mtaa, mwenye jina linalojulikana, ambaye kazi yake ni kurudi na kugonga. "Sisi hatukufa kwa maji," alisema. "Maji yalikuja baadaye." Kisha akageuka kuelekea kiti cha nne na kusema jambo refu, bila haraka, kwa mikono iliyoshuka mpaka kiunoni kama mtu anayeongea na aliyeketi. Munia hakulitafsiri. Alishusha kipaza sauti, na vibandani wakalimani wote wanne waliokuwa zamu walikaa na midomo wazi, bila neno la kupokea. Ghizlan, aliyekuwa amesimama ukutani, hakuhitaji kuambiwa. Itto alikuwa anaelezwa.

Uamuzi haukuchukua muda. Taa zilipitishwa, sakafu zilipitishwa, mtu wa kurudi wa kila mtaa alipitishwa. Mtu wa ving'ora mwenyewe aliinua mkono.

Ilibaki hotuba ya kufunga. Munia alipanda tena jukwaani, na Ghizlan alimwona akitazama viti, akishusha pumzi.

"Kiti cha nne?" Ghizlan alimuuliza kwa midomo, kutoka ukutani.

Munia akatikisa kichwa: hakuna mtu. Akatabasamu kwa machozi. Basi, Ghizlan alifikiri. Ameelezwa, amekwenda. Hesabu imerudi kuwa watatu.

Sidi Drisi akaanza kuhutubia. Munia akainua mikono, na ikabaki hewani. Macho yake yaliviacha viti, yakapanda safu kwa safu, juu ya vichwa vya watu, mpaka ukutani nyuma, penye vibanda. Yakatanuka. Kisha akamtafuta Ghizlan, akamwita kwa kidole, na Ghizlan akaja akiinama ili asiwazibe watu.

"Dada," Munia alinong'ona, "hakuondoka. Alikwenda kuwaita wasiowahiwa." Midomo ilikuwa inamcheza, lakini mikono yake, mikono ya mtu wa kazi, ilikuwa imekwisha kunyanyuka kungoja. "Mwambie Moha awashe taa zote. Taa ya mikono aiongeze mpaka mwisho. Waliosimama nyuma hawanioni."

Ghizlan hakugeuka kutazama nyuma. Alikwenda kwa Moha akipita ukutani, akamwambia awashe taa zote. Moha akataka kuuliza, akauona uso wake, akawasha. Ukumbi ukawa mweupe kama mchana wa kiangazi. Sidi Drisi akakodoa macho, akaendelea na hotuba.

Hapo sakafu ikaanza. Haikuwa kisigino kimoja. Ilikuja kutoka nyuma, chini ya vibanda, ikapita chini ya viti vyote, ubao kwa ubao, laini na nzito, na watu wakaacha kuandika wakatazama miguu yao. Moha aliikazia macho sindano ya mitambo yake. Ilicheza kwa sauti ya Sidi Drisi tu; sakafu haikuinasa.

"Lalla Ghizlan," alisema kwa sauti ndogo, na safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake. "Hawa ni wangapi?"

Ghizlan alitazama mbele. Tuda, Baso na Hnia walikuwa wamesimama na kuugeukia ukuta wa nyuma, nyuso zao zimewaka kama za watu waliofunguliwa mlango wa nyumbani, na wote watatu walikuwa wameinua mikono juu, vidole vimefunguka, wakivipepea, namna viziwi wanavyoshangilia.

"Sihesabu," akajibu. "Wewe usizime taa tu."